Re: Kupanga jozi za kupeana ujuzi kazini

"Tuko 8 ofisini. Tuzungukeje ili mtu asikae na mwenzake mara mbili?"

Pangeni viti safu mbili zinazotazamana: juu 1 2 3 4, chini 8 7 6 5. Namba 1 asiinuke kabisa. Wengine wote wasogee kiti kimoja, kufuata mshale wa saa. Raundi ya pili juu watakuwa 1 8 2 3, chini 7 6 5 4. Mkimaliza raundi 7, kila mtu ameshakaa na wenzake wote.

Mkazieni sana huyo namba 1. Akisogea naye, raundi ya 5 jozi za mwanzo zinarudi vilevile. Siku mkiwa 7, kiacheni wazi kiti chake. Anayekitazama apumzike raundi hiyo.