Mteja akiandika "lakini wapi": kwa mnaoanza kutafsiri malalamiko

Wadogo zangu, nimepitia tafsiri zenu za wiki hii kabla hazijaenda kwa bosi, na nimekuta makosa yaleyale waliyoyafanya waliowatangulia. Nawapenda, lakini hili siwezi kulinyamazia. Bosi yuko Deira, Dubai, na Kiswahili hakijui. Anachokijua kuhusu mteja wa Mwanza ni kile tu mlichomwandikia kwa Kiingereza. Mkikosea ninyi, yeye anakosea kwa hela za mtu.

1. Haujafika na haukufika si kitu kimoja. Mteja akiandika "mzigo wangu haujafika", bado anausubiri: kazi yetu ni kumtafutia risiti ya basi, namba ya gari na simu ya kondakta. Akiandika "mzigo haukufika", mara nyingi ameshaacha kuusubiri na anataka hela yake au mzigo mwingine. Ninyi mnaziandika zote kwa sentensi moja ya Kiingereza, bosi anajibu "ngoja kidogo", na mtu aliyekwisha kata tamaa anaambiwa angoje. Kama meseji haijaweka wazi, muulizeni mteja. Swali moja linatosha.

Saa nazo ni hivyohivyo. "Niliambiwa nitapigiwa saa nne" kwa bosi iwe saa kumi ya Kiingereza, asubuhi au usiku kadiri mteja alivyomaanisha, na mkumbuke Dubai wako mbele yetu kwa saa moja.

2. Upole wa mteja usiwadanganye. Hapa nitakaa, kwa sababu ya ile blenda.

Dada mmoja alituandikia hivi: "Habari ya mchana. Mzigo nimeupokea jana jioni, asanteni sana. Ila mashine inapiga kelele na jagi linavuja kwa chini, nimejaribu kukaza lakini wapi. Nilikuwa naomba kama itawezekana mniangalizie. Samahani kwa usumbufu."

Msomeni tena taratibu. Shukrani ni salamu tu. Habari yenyewe inaanzia kwenye "ila". "Nilikuwa naomba kama itawezekana" ni namna ya mtu aliyelelewa vizuri kusema "nitatulieni tatizo langu". Na "samahani kwa usumbufu" haina maana kwamba tatizo ni dogo. Lakini tafsiri iliyokwenda Dubai ilisema mteja anashukuru sana, kuna kelele na uvujaji kidogo, na anaomba radhi kwa kusumbua. Neno "kidogo" halimo popote kwenye meseji yake. Mtafsiri alilisikia ndani ya ule upole. Kisha "lakini wapi" ikatafsiriwa kama swali, kana kwamba dada anauliza akaze sehemu gani. Aliyeiandika alikuwa mgeni kazini, na aliyeipitisha ni mimi, nikiwa na haraka ya kufunga foleni ya siku.

Bosi akajibu alichoulizwa: kaza ile pete ya chini. Tukamwandikia hivyo, tukaongeza "asante kwa maoni yako". Dada akajibu neno moja: "Sawa." Tukaandika kwamba limekwisha.

Halikuwa limekwisha. Siku chache baadaye akaandika chini ya picha yetu Instagram kwamba sisi ni matapeli, na watu wengine wakaanza kuleta ya kwao hapohapo. Nilipompigia alisema, "Niliwaambia nimekaza imeshindikana, mkaniambia nikaze." Sikuwa na la kumjibu. Alikuwa ameendelea kuitumia ile blenda, kitambaa akiwa amekizungushia chini ya jagi.

Na hapo ndipo palinipa homa. Jagi linapovuja kwa chini, maji yanashuka kwenye mota, na mota ina umeme. Mara nyingi chanzo ni mpira wa duara unaokaa kwenye kitako cha visu: haupo, umepinda, au umefungwa upande upande. Mpira wenyewe ni kitu cha bei ndogo. Lakini kelele na kuvuja vikija pamoja, huenda maji yamekwisha ingia kwenye beringi ya visu, na hapo mpira peke yake hausaidii. Malalamiko ya namna hiyo hayangoji foleni. Bosi alipaswa kuyaona saa ileile, na neno la kwanza kwa mteja lilipaswa kuwa: chomoa, usiitumie.

Tangu hapo utaratibu ni huu, na naomba msiuruke. Tafsirini meseji yote kama ilivyo, pamoja na salamu. Chini yake pigeni mstari, kisha muandike maelezo yenu: nini kimetokea, mteja anataka nini, amekasirika kiasi gani, na kama kuna hatari. Maoni yenu yakae chini ya mstari, yasiingie ndani ya maneno ya mteja. Msiongeze "kidogo", wala msimtaje mkosaji ambaye mteja hakumtaja. Mtu akisema "kioo kimevunjika", hajasema nani amekivunja, nanyi msimwandikie bosi kwamba kimevunjwa na mtu wa basi.

Na "sawa" peke yake, baada ya malalamiko, ipigieni simu.

3. Pole au samahani? Bosi anaandika neno moja la Kiingereza kwa yote mawili, nanyi mnachagua bila kumuuliza. Pole ni kumhurumia mtu kwa lililompata, haikubali kosa. Samahani inakubali. Mteja ambaye mzigo wake tumeuchelewesha sisi, akiambiwa "pole" tu, anasikia kwamba tumejitoa. Kwa hiyo kabla hamjaandika, muulizeni bosi: kosa ni letu? Na ile "tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza" iacheni kwenye matangazo ya umeme kukatika. Msiahidi pia hela ambayo bosi hajaikubali.

Dada wa blenda, baada ya bosi kukubali kosa na gharama, tulimwandikia hivi:

"Habari za leo dada. Samahani sana, ulitueleza vizuri na sisi hatukukuelewa. Tafadhali chomoa blenda na usiitumie kwa sasa. Ukipata nafasi fungua kitako cha jagi, pale kwenye visu, uangalie kama kuna mpira wa duara, kisha tupigie picha. Usijaribu kukaza tena. Kama mpira haupo, kesho asubuhi tunautuma kwa basi, nauli ni yetu. Kama upo na bado linavuja, tunakutumia jagi jipya na visu vyake. Risiti ya basi utaipata hapa WhatsApp kabla ya saa sita mchana."

Angalieni: kila jambo lina mtu wa kulifanya na muda wake, na hakuna "tunalifanyia kazi". Picha ilipokuja, mpira ulikuwepo, umechanika. Tulituma jagi. Yale maneno ya Instagram hakuyafuta, ila aliongeza chini yake kwamba amebadilishiwa.

4. Mteja akituma skrinishoti ya muamala, nakilini namba ya kumbukumbu herufi kwa herufi, na mfiche namba yake ya simu kabla picha haijaingia kwenye grupu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na namba ya mtu ni taarifa yake.

5. Ujumbe wa sauti usikilizeni mpaka mwisho. Wengi huanza na habari za nyumbani, na malalamiko yenyewe huja sekunde za mwisho, mtu akiwa karibu kukata.