Kwa nini jibu la mkono limezidi la kompyuta

"Kaka, mashine ya kukamua alizeti Kongwa: inatoka milioni 10, zinarudi 4, 4, kisha 5. Natafuta kiwango cha ndani cha faida, kile ambacho fedha zinazorudi, zikithaminiwa kwa leo, zinalingana na zilizotoka. Kwa asilimia 10 na 20 nimepata 14.12, `=IRR` ya kompyuta inasema 13.78. Nimekosea wapi?"

Mdogo wangu, hesabu iko sawa, ila hatua yako ni ndefu. Kwenye 10 una ziada ya 698,723, kwenye 20 upungufu wa 995,370, nawe umeviunga kwa mstari ulionyooka. Thamani halisi ya sasa, yaani hiyo ziada au upungufu, haishuki hivyo kiwango kinapopanda. Inashuka kwa mkunjo, kasi mwanzoni kisha polepole. Mstari wako unapita juu ya mkunjo, ndiyo maana jibu limezidi.

Sogea karibu. Kwa 14, miaka mitatu inakupa 3,508,772, 3,077,870 na 3,374,858: upungufu 38,500 tu. Rudi 13, ziada 137,661. Gawanya 137,661 kwa 176,161, unapata 0.78. Ongeza kwenye 13.

Mwenzako wa meza ya pili anasema chukua wastani, 15. Yuko sahihi kwamba jibu liko katikati, lakini wastani hauangalii upande upi umekaribia sifuri.

Ile milioni 5 ya mwisho, umeingiza bei ya kuuza mashine? Hilo bado linanisumbua.