Voisi ya mapenzi kwa Kichina: sauti ya chini sawa, kunong'ona hapana

*Mchumba wangu yuko Guangzhou. Nimejifunza "wǒ xiǎng nǐ", yaani nimekukosa, na maneno mengine ya kumwambia usiku, lakini nikimtumia voisi ananiuliza nimesema nini. Nikiandika anaelewa. Nipo Lamu, nyumba ina watu wengi, kwa hivyo narekodi kwa kunong'ona. Nifanyeje?*

Kaka, anza na huko kunong'ona. Mtu akinong'ona, nyuzi za sauti kooni hazitetemi, inatoka pumzi tupu. Kiswahili chetu kinavumilia hali hiyo. Mandarini, ndicho Kichina unachojifunza, inavumilia kidogo tu, kwa sababu maneno yake hutenganishwa na toni nne: ya kwanza iko juu na imenyooka, ya pili inapanda, ya tatu inakaa chini, ya nne inaporomoka kutoka juu. Mtetemo ukikosekana, toni nazo hazisikiki vizuri, na msikilizaji anabaki kukisia. "Wǒ xiǎng wèn nǐ" ni nataka kukuuliza; "wǒ xiǎng wěn nǐ" ni nataka kukubusu. Zinong'one zote mbili uone kama wewe mwenyewe utazitofautisha.

Sema polepole kwa sauti ndogo, lakini sauti kweli. Weka vidole viwili kooni: usiposikia mtetemo, hiyo si ya kutuma.

Jambo la pili ni ile sauti nzito ya mahaba ambayo wanaume wengi huishusha wakiwa faragha. Ukianzia chini kabisa, toni ya kwanza haifiki juu na ya nne haina pa kuporomokea. Mume wangu ni mtu wa Fujian, na voisi zake tamu kuliko zote hazikuwa nzito. Alizisema kwa sauti yake ya kawaida ya mazungumzo, ila taratibu. Utamu utie kwenye mwendo.

Lakini mwendo nao una mtego, na sentensi yako ndiyo mfano wenyewe. Maneno yote matatu ya "wǒ xiǎng nǐ" ni ya toni ya tatu. Toni ya tatu ikitangulia toni ya tatu nyingine, ile ya mbele hugeuka ikawa ya kupanda, kama ya pili. Kwa hivyo ukisema kwa utulivu, "wǒ" inakaa chini, "xiǎng" inapanda, "nǐ" inarudi chini. Ukisema haraka kwa pumzi moja, hata "wǒ" hupanda. Zote mbili ni sahihi. Kinachoharibu ni kutua kati ya "xiǎng" na "nǐ" ili neno lisikike vizuri: ukitua hapo kupanda kunakosa sababu, na yanasikika maneno matatu mazito yaliyopangwa kama orodha ya duka. Ukitaka kutua, tua baada ya "wǒ".

Halafu angalia mkia. Sisi tukibembeleza huvuta silabi ya mwisho na kuipandisha. Ukifanya hivyo kwenye "nǐ", inasikika kama toni ya pili. Iache chini, fupi. Kwenye "wǎn'ān", usiku mwema, kosa linageuka: sentensi ya Kiswahili hushuka mwishoni, nawe utaishusha "ān" ambayo inapaswa kubaki juu, imenyooka mpaka ikatike. Hiyo unaweza kuivuta upendavyo, mradi haishuki.

Kujipima, funga mdomo uvumishe sentensi puani bila maneno, urekodi. Kisha rekodi maneno yenyewe, usikilize zote mbili. Miinuko isipofanana, ulimi wako umerudi kwenye lafudhi ya nyumbani.

Kuhusu mahali: usipande darini wakati wa kusi. Upepo ukipiga maikrofoni unatoa mngurumo wa chini, kulekule iliko sauti ya mwanamume, na toni ya tatu ndiyo inayozama kwanza. Chumba kitupu cha mawe nacho kina mwangwi, silabi moja inaikalia nyingine. Kaa penye magodoro na nguo zilizotundikwa, simu upande wa mdomo, shubiri moja hivi, si mbele ya pumzi. Punda akilia, subiri amalize.

Kwenye WhatsApp, telezesha kitufe cha kurekodi juu kijifunge, ili mkono usitikise simu, na usikilize kabla ya kutuma. Tuma sentensi moja kwa kila voisi. Mwombe mchumba asikilize kwa mwendo wa kawaida, si 2×, kisha akuandikie alichosikia kwa pinyin, yaani Kichina kwa herufi za Kilatini, yenye alama za toni. Akiandika "ní", ujue ule mkia umeupandisha tena.