Doa jekundu kwenye weupe wa jicho, lakini haliumi

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 47. Jana asubuhi binti yangu aliniangalia usoni akashtuka: weupe wa jicho langu la kulia, upande wa sikio, umejaa damu, nyekundu kabisa kama rangi ya kupaka. Jicho haliumi, haliwashi na naona vizuri. Tatizo ni kwamba leo doa ni kubwa kuliko jana. Jirani anasema ni presha imepasua mshipa na kiharusi kinafuata. Duka la dawa wamenipa matone ya kuondoa wekundu. Niyatie?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Matone hayo yaweke kando kwanza, nitayarudia. Kwa jinsi ulivyoeleza, hii ni damu iliyovilia chini ya utando wa jicho, na karibu kila mara huondoka yenyewe bila dawa yoyote. Nasema kwa jinsi ulivyoeleza kwa sababu sijaliona jicho lako, ndiyo maana nitakuonyesha namna ya kulikagua mwenyewe.

Weupe wa jicho umefunikwa na utando mwembamba sana, unaopitisha mwanga kama karatasi ya plastiki safi. Ndani ya utando huo mna vishipa vidogo vya damu, vile unavyoviona kama nyuzi nyekundu ukijitazama kwa karibu kwenye kioo. Kimoja kikipasuka, damu kidogo hutoka na kukwama kati ya utando na weupe. Dondosha wino mezani kisha ulaze plastiki juu yake: tone moja litatambaa na kuchukua eneo kubwa kuliko ulivyotegemea. Damu iliyo jichoni mwako pengine ni tone tu, ila imetandazwa.

Wekundu wake nao una sababu. Ukijigonga mkono, damu huvilia chini ya ngozi na unaiona ya zambarau au nyeusi, kwa kuwa unaitazama kupitia ngozi nene na hewa yake imeshapungua. Kwenye jicho hakuna ngozi. Utando ule ni mwembamba kiasi kwamba oksijeni ya hewani hupenya na kuifikia damu, ikabaki nyekundu ya kung'aa siku baada ya siku, tena juu ya weupe mtupu. Ingekuwa mkononi, damu hiyohiyo usingeiandikia barua.

Maumivu hayapo kwa sababu hakuna uvimbe wa maambukizi wala kidonda, ni damu tu iliyoketi mahali palipo na nafasi. Wengine huhisi kama kapunje ka mchanga wakipepesa, pale ambapo damu imeuinua utando kidogo. Kuona nako hakuguswi, kwani utando umeshikamana kwa nguvu na ukingo wa konea, kile kioo cha mbele kinachofunika duara jeusi. Damu ikitambaa hufika kwenye ukingo huo ikakwama kama maji kwenye ukuta. Njia ya mwanga inabaki safi.

Sasa simama karibu na dirisha ukiwa na kioo. Kwanza funika jicho lisilo na doa, usome maandishi madogo kwa lile lenye doa, kisha ubadilishe. Yasomeke sawa na ulivyozoea. Pili, tazama wekundu wenyewe. Damu iliyovilia ni kipande kimoja cha rangi, chenye mpaka unaoonekana, na nyuzi za mishipa zimefichwa chini yake. Macho mekundu ya kuambukiza ni tofauti: mishipa inaonekana mmojammoja kama mtandao, wekundu hauna mpaka, na asubuhi kope zimegandana kwa tongotongo. Tatu, vuta kope ya chini utazame ndani yake. Ikiwa na rangi yake ya kawaida huku doa likiwa jekundu vile, ushahidi unazidi kuwa mzuri. Mwisho, angalia mboni, yaani tundu jeusi la katikati: iwe duara, ilingane na ya jicho la pili, na mwanga wa dirishani usikuchome.

Kuhusu doa kukua, hilo ndilo huwarudisha wagonjwa wangu wengi mbio siku ya pili. Mara nyingi mshipa umeshaziba. Kinachoongezeka ni eneo, kwa kuwa damu inaendelea kutambaa kwa siku moja au mbili na kuteremka chini kwa uzito wake. Hivi karibuni nilimwona mama wa miaka 61, mwenye mafua na kikohozi cha usiku kwa siku tano. Siku ya kwanza doa lilikuwa kama ukucha wa kidole kidogo. Siku ya pili lilikuwa limeshika nusu nzima ya weupe, na alikuja akiwa ameshika jicho kwa leso kana kwamba linatoka. Aliona vizuri, mboni zilikuwa sawa, hakuna maumivu. Siku ya sita kingo zilianza kugeuka rangi ya chungwa. Siku ya kumi palikuwa na manjano kama alama ya zamani ya kugongwa, na siku ya kumi na sita sikuona kitu. Hivyo ndivyo linavyokwenda: dogo huisha ndani ya wiki moja au mbili, kubwa linaweza kufika wiki ya tatu. Ukipiga picha kila asubuhi mahali palepale utaona rangi ikibadilika kabla ukubwa haujapungua.

Kilichompasua mama yule mshipa ni kikohozi. Unapokohoa, kupiga chafya, kutapika, kujikamua chooni au kunyanyua mzigo mzito, kifua hubana na damu inayorudi moyoni kutoka kichwani huzuiwa kidogo. Shinikizo hupanda hadi kwenye vishipa vile vidogo. Kulisugua jicho usingizini kunatosha pia, hasa umri unapokwenda na kuta za mishipa kulegea. Lakini nikuambie ukweli, wagonjwa wengi hawakumbuki sababu yoyote. Walilala wazima, wakaamka hivyo.

Jirani yako ana nusu ya hoja. Doa hili si dalili ya kiharusi. Mshipa uliopasuka uko juu ya jicho, hauna safari ya kwenda kwenye ubongo. Hata hivyo presha ya muda mrefu huchakaza mishipa midogo, na si mara moja doa la jicho ndilo limemfikisha mtu kwenye kipimo akagundulika kuwa na presha asiyoijua. Mama wa kikohozi alikuwa na 168/102, na alipopumzika na kupimwa tena ikawa 162/98. Doa halikuhitaji dawa, presha ilihitaji. Kwa hiyo nenda ukapime wiki hii, ukiwa umekaa na kutulia dakika tano, na ikizidi 140/90 usiihukumu kwa kipimo kimoja, irudie siku nyingine. Kama unatumia aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, mweleze aliyekuandikia lakini usiiache kwa uamuzi wako. Damu ya jichoni haina madhara, ila damu ikiganda kwenye moyo au ubongo ina madhara makubwa. Anayetumia warfarini, dawa mojawapo ya hizo, apime INR, yaani kipimo cha muda damu inaochukua kuganda, kwa sababu huenda dozi imepita kiasi.

Niliyoyaeleza yana mipaka, na mpaka mkubwa ni jeraha. Fundi mmoja aliniletea doa jekundu kama lako, haliumi sana, akasema alikuwa akigonga patasi kwa nyundo na akahisi kitu kama mbu kimemgusa. Ila doa lake lilikuwa limevimba, na mboni ilikuwa imevutwa upande mmoja, ikawa na umbo la tone la maji. Kipande cha chuma kilikuwa kimepenya na kukaa ndani ya jicho. Mwenye historia ya namna hiyo asilibonye jicho, asilioshe, asitie kitu. Alifunike kwa kitu kigumu kisichogusa jicho lenyewe, kama kitako cha kikombe cha karatasi, aende hospitali saa hiyohiyo. Aliyegongwa kichwa, akiwa na damu jichoni ambayo mwisho wake wa nyuma hauonekani hata akizungusha jicho, naye aende, maana damu inaweza kuwa imetoka kwenye mfupa wa fuvu uliovunjika.

Bila jeraha, njoo hospitali siku hiyohiyo ukiona ukungu, ukipata maumivu ya kweli, mwanga ukikusumbua, au ukiona damu imetulia mbele ya duara jeusi kama maji kwenye glasi. Hiyo ya mwisho iko ndani ya jicho, ni ugonjwa mwingine kabisa. Njoo pia, bila mbio, kama doa limepita wiki tatu bila kubadilika rangi, kwani uvimbe wa utando unaweza kujifananisha na damu. Na likirudi mara kwa mara, au likija pamoja na fizi kutoka damu na michubuko usiyojua imetoka wapi, tutapima chembe sahani na namna damu yako inavyoganda.

Kuhusu matone yako. Yale ya kuondoa wekundu hufanya kazi kwa kubana mishipa. Kwako damu imeshatoka nje ya mishipa, kwa hiyo hakuna cha kubana, na ukiyazoea jicho huwa jekundu zaidi ukiyaacha. Matone ya antibiotiki nayo hayana mdudu wa kuua hapa. Ninayoyaogopa kweli ni yenye steroidi, kwa sababu yanaweza kupandisha shinikizo ndani ya jicho na kuchochea kidonda cha virusi kwenye konea, nayo huuzwa kirahisi mno. Soma kibandiko: ukiona deksamethasoni, prednisoloni au betamethasoni, usiyatie bila jicho kupimwa. Kama ile hali ya mchanga inakukera, machozi ya bandia mara tatu au nne kwa siku yanatosha. Kitambaa chenye maji baridi kinatuliza, hakiharakishi.

Doa haliambukizi, kwa hiyo kazini nenda. Kama unavaa lenzi za mguso, zipumzishe hadi jicho liwe jeupe. Na binti yako mwambie aendelee kukuangalia, hasa asubuhi. Wewe mwenyewe hutaona rangi ya chungwa ikianza pembeni mapema kama atakavyoiona yeye.