Mteja anayejibu "yoyote tu"

"Nauza pembejeo Mbalizi. Vijana wanaoanza kulima wakija kuomba dawa ya mahindi, nikiwauliza maswali wananijibu 'yoyote tu' au wanaondoka. Niwaulizeje?"

Ndugu, "Wadudu gani?" linadai jina ambalo kijana hana, na "Kwa nini hukupulizia mapema?" ni mashtaka kabisa. Uliza alichokiona kwa macho, na utangulize sababu:

"Pole na shamba, kaka. Nisije nikakupa dawa isiyofaa: ukichungulia kwenye moyo wa mmea, kuna uchafu kama unga wa mbao?"

Kisha nyamaza, hata kama foleni ni ndefu. Akisema upo, yaweza kuwa kiwavijeshi vamizi au funza wa mabua. Hapo usimuulize jina, mwonyeshe picha ya kiwavijeshi: "Huyu mwenye alama kama Y iliyopinduliwa kichwani, anafanana naye?" Jibu la "sikumwangalia vizuri" lipokee, umwombe alete mmea mmoja kesho.

Swali gumu ni la dawa aliyokwisha kutumia, maana kurudia kiambato kilekile huzoesha wadudu, na wengi huficha. Mimi husema: "Wengi huanza na dawa waliyonayo nyumbani. Wewe ulianza na ipi, au bado?" Asipokumbuka, alete chupa.

Hayo matatu yanatosha. Mkibaki na shaka, mwelekeze kwa afisa ugani. Ila akitaja kizunguzungu au kutapika baada ya kupulizia, acha habari za mahindi; aende hospitali mara moja na lebo ya dawa mkononi.