Jibu: Dada kwenye Akdariyya

"Marehemu kaacha mume, mama, babu mzaa baba na dada wa baba na mama mmoja. Imebaki sudusi tu, nayo ni ya babu. Dada aende wapi?"

Ndugu yangu, mgao huu wa mirathi ndio uitwao Akdariyya, na kwa sahaba Zaid bin Thabit, anayefuatwa na Mashafii, dada hatoki mikono mitupu. Hupewa nusu, na asili ya mafungu 6 hupanda hadi 9 kwa auli, yaani kuongeza idadi ya mafungu yanapozidi mali: mume 3, mama 2, babu 1, dada 3. Lakini hapo dada kampita babu, ambaye husimama naye kama kaka. Ndiyo maana mafungu yao 4 huchanganywa, babu achukue maradufu ya dada. Nne haigawanyiki kwa 3, basi zidisha 9 kwa 3, upate 27: mume 9, mama 6, babu 8, dada 4.

Angekuwa kaka, asingepata kitu: yeye ni asaba tu, mrithi wa kinachobaki, hana fungu maalumu la kurudia.