Feiza, flenja na korasi: elewa kwanza tepu mbili, ndo ununue pedali

Wadogo zangu mnaoanza gitaa la umeme na kila siku mnauliza ninunue feiza au flenja au korasi, kabla hela haijatoka mfukoni naomba tuelewane jambo moja. Hizi pedali tatu msingi wao ni mmoja: zinachukua sauti ya gitaa lako, zinatengeneza nakala yake, nakala inachezewa kidogo halafu inachanganywa tena na ile sauti ya mwanzo. Tofauti yote iko hapo kwenye nakala imechezewaje na imechelewa kiasi gani. Ukishalielewa hilo hata ukiwekewa pedali usiyoijua utajua nobu ipi inafanya nini.

Na njia nzuri ya kuelewa ni kurudi kwenye mashine za tepu, sababu kabla ya pedali kuwepo mafundi wa studio walikuwa wanafanya kwa mikono. Les Paul alishaanza kuchezea mambo haya miaka ya 1940 kwa mashine za kurekodia sahani, na mwaka 1959 wimbo wa Toni Fisher, "The Big Hurt", ulipigwa redioni Marekani ukiwa na ule mvumo unaopita juu ya wimbo mzima kama ndege inaruka. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: unachukua mashine mbili za tepu, zote zinapiga au kurekodi kitu kilekile kwa wakati mmoja, unazichanganya kwenye miksa kwa sauti sawa, halafu unagusa kwa kidole ukingo wa rili ya mashine moja. Ile mashine inapungua spidi kidogo sana, inabaki nyuma ya mwenzake. Ukiachia na kugusa ya pili, ya pili nayo inapungua, ile ya kwanza inaifikia na kuipita.

Hebu tuone kiasi chenyewe maana hapa ndo watu wanapotea. Tepu ya studio ilikuwa inakimbia inchi 15 kwa sekunde, yaani sentimita 38. Kwa hiyo kuchelewa kwa milisekunde 1 ni tepu kubaki nyuma kwa milimita 0.38 tu, hata nusu milimita haifiki! Ndo maana kidole hakibonyezi, kinagusa tu. Sasa sauti mbili zinazofanana zikipishana milisekunde 1, masafa ya hezi 500 yanakuwa yamepishana nusu wimbi kamili, moja inapanda wakati nyingine inashuka, zinafutana, hapo panakuwa na shimo. Shimo lingine linakuja hezi 1500, lingine 2500, lingine 3500, yamejipanga kwa umbali sawa kama meno ya kitana mpaka juu kabisa. Ukipunguza ucheleweshaji uwe nusu milisekunde mashimo yote yanahamia juu, la kwanza linakuwa hezi 1000, la pili 3000, la tatu 5000. Ule mvumo unaousikia ni mashimo hayo yanavyosogea pamoja kupanda na kushuka.

Na kuna sehemu moja ambayo ndo utamu wa tepu wote, pale mashine moja inapoipita nyingine. Kwa kitambo kidogo ucheleweshaji unakuwa sifuri, mashimo yanakimbilia juu mpaka yanaishia nje ya uwezo wa sikio, halafu yanarudi upande wa pili. Sikiliza "Itchycoo Park" ya Small Faces ya 1967, zile ngoma na sauti zinavyofunguka, ile ni kazi ya George Chkiantz, fundi wa Olympic Studios pale London, na mwaka huohuo studio hiyohiyo Eddie Kramer akaitumia kwenye mwisho wa "Bold as Love" ya Jimi Hendrix, mvumo ukahamishwa kutoka spika ya kushoto kwenda kulia. Mafundi wa wakati ule walikuwa wanauita feizi, kwa hiyo ukisoma mahojiano ya zamani usichanganyikiwe, kwa hesabu za leo ile ni flenja.

Sasa mpiga gitaa angebebaje mashine mbili za tepu jukwaani? Haiwezekani, na hapo ndo pedali za miaka ya 70 zinaingia, kila moja ikijaribu kuiga kwa njia yake.

Feiza ilitangulia kwa sababu ni rahisi kutengeneza, haihitaji kuchelewesha sauti kabisa. Inapitisha nakala kwenye hatua kadhaa za saketi, kila hatua inalizungusha wimbi kidogo, masafa mengine yanazungushwa zaidi na mengine kidogo, halafu likichanganywa na la mwanzo yale yaliyopinduka kabisa yanafutika. MXR Phase 90 ya 1974, ile ya rangi ya chungwa yenye nobu moja tu ya spidi, ina hatua nne, na hatua nne zinakupa mashimo mawili tu. Linganisha na mashimo chungu nzima ya tepu! Tena hayajajipanga kwa umbali sawa, katikati ya mzunguko lile la chini linaweza kuwa karibu na hezi 400 na la juu karibu na 2400. Ndo maana feiza inasikika laini na ya mviringo, haina ule mluzi wa chuma. Mi naona kwa anayeanza hii ndo ya kununua kwanza, maana ni ngumu kuharibu wimbo nayo.

Uni-Vibe ya Kijapani aliyotumia Hendrix Woodstock 1969 nayo ni ya hatua nne, ila ndani kuna kabalbu kanawaka na kufifia katikati ya vihisi mwanga vinne, na hatua zake hazilingani, kwa hiyo inadunda badala ya kuvuma. Phase 90 badala ya balbu inatumia transista za FET, na hizo lazima zifanane tabia. Ukinunua ya mtumba au ya kujiundia halafu mvumo ni hafifu, yaani unasikia kitu kinasogea ila huoni kinaenda wapi, shuku kwanza hizo transista, kuna mtu ametoa moja akaweka yoyote aliyopata dukani.

Flenja ya kweli ilibidi isubiri chipu. Mwaka 1969 watafiti wa Philips walibuni chipu inayopokea sauti vipande vipande na kuipasia kutoka kapasita moja kwenda nyingine kwenye foleni ndefu, na kasi ya kupasia inaamuliwa na saa ya ndani. Chukua chipu ya hatua 1024 na saa ya hezi 100,000: gawanya 1024 kwa mara mbili ya hiyo saa, unapata milisekunde 5 hivi. Ongeza saa iwe hezi 500,000, unapata milisekunde 1. Unaona shida iko wapi? Sauti lazima ipite foleni yote, hivyo nakala haiwezi kufika sifuri, na sauti ya mwanzo kwenye pedali haijacheleweshwa hata kidogo. Kwa hiyo pedali ya flenja ya Electric Mistress ya 1976 na wenzake wa wakati ule wanakaribia ule mpito wa tepu lakini hawavuki, wakifika karibu wanageuka kurudi. Ili kufidia wakaweka fidbeki, nakala inarudishwa mwanzo wa foleni ipite tena, masafa yaliyobaki katikati ya mashimo yanachongoka, na huo ndo mluzi wa ndege ya jeti unaousikia kwenye gitaa la "Barracuda" ya Heart, 1977.

Kosa la wengi ni kuwasha flenja kwenye gitaa safi lenye toni imezimwa halafu wanasema pedali mbovu. Mashimo yanahitaji kitu cha kutoboa, na gitaa safi lenye giza halina masafa ya juu ya kutosha. Jaribu hivi: weka distoshen kwanza, flenja ifuate, ziba nyuzi kwa kiganja uache ule mchakacho wa distoshen peke yake, spidi iwe ndogo kabisa. Utasikia mvumo unapanda na kushuka wazi kabisa, na hapohapo ongeza fidbeki polepole mpaka uanze kusikia noti inayolia yenyewe, kisha rudi nyuma kidogo. Kwa feiza mi napendelea kinyume, iwe kabla ya distoshen, ndo alivyofanya Eddie Van Halen kwenye albamu ya kwanza ya 1978, Phase 90 inaingia kwenye amplifaya ambayo tayari inachemka, spidi ya chini, inakuwa kama rangi ndani ya solo na si mvumo juu yake.

Korasi babu yake ni mwingine. Mwaka 1966 Ken Townsend, fundi wa studio za Abbey Road pale London, alitafuta njia ya kumwondolea muimbaji kazi ya kuimba mara mbili, akatumia mashine ya pili ya tepu iliyochelewa zaidi na spidi yake ikayumbishwa kidogo, ikasikika kama watu wawili. Ukichelewesha hivyo mashimo yanakuwa mengi na yamebanana sana sikio haliyafuati tena, kinachobaki ni noti inayoyumba pembeni ya noti iliyotulia. Roland wakaweka saketi ya chipu ndani ya amplifaya ya JC-120 mwaka 1975, na 1976 wakaitoa kama pedali, Boss CE-1, na ukifika mwisho wa muongo gitaa safi lenye korasi lilishakuwa kila mahali.

Hapa kwenye korasi kuna jambo linawaumiza wengi siku ya shoo. JC-120 ina spika mbili, moja inatoa sauti kavu na nyingine inatoa nakala inayoyumba, mchanganyiko unafanyika hewani kati ya spika na masikio yako. CE-1 nayo ukitumia njia zake mbili za kutokea iko hivyohivyo. Sasa fundi mitambo akiweka maiki moja mbele ya spika moja, au akichukua waya mmoja tu, nje watu wanasikia ama gitaa kavu lisilo na korasi, ama gitaa linaloyumba kama limetoka kwenye tuni, wakati wewe jukwaani unasikia vizuri kabisa. Nilishaona bendi inabishana nusu saa kuhusu tuni kumbe maiki ilikuwa spika ya pili peke yake. Mwambie fundi mapema: maiki mbili, zote ziwe na sauti sawa kwenye miksa, na kama ana njia moja tu basi unganisha pedali kwa njia yake ya mono ili mchanganyiko ufanyike ndani.

Na kama unataka kuusikia ule mpito wa sifuri ambao pedali za zamani haziufikii, laptop inatosha. Nakili traki ya gitaa, ya kwanza icheleweshe milisekunde 2 na uiache hivyo, ya pili weka ucheleweshaji unaopanda polepole kutoka 0 mpaka 4 kwa muda wa sekunde 8, sauti zilingane. Katikati, sekunde ya 4, zinakutana. Rudia tena huku umegeuza polariti ya traki moja, yaani wimbi lake limepinduliwa juu chini, safari hii zikikutana gitaa linapotea kabisa kwa kitambo halafu linarudi kuanzia masafa ya juu, na ukishalisikia hilo mara moja kwenye hedifoni utalitambua kwenye rekodi yoyote ya 1967.